Ncha Nane Katikati ya Pangaboi

Hotuba kwa mafundi cherehani na washona viraka, Ujiji, Kigoma

Asalaam aleikum. Shikamooni mama zangu mliokaa mbele. Mafundi wenzangu mlioacha watu vibandani wakiwasubiri, poleni, nitajitahidi nisiwachelewesheni.

Niliombwa nizungumzie shuka za viraka, na aliyeniomba alitaka nianze na namna ya kupanga rangi. Rangi naziacha. Mtu aliyekulia Ujiji, anayeona vitenge vikishushwa Kibirizi kila siku, hana haja ya mimi kumwambia kipi kinakaa na kipi. Tatizo ninaloliona kwenye shuka zetu ni jingine. Ukiitandika ukasimama mlangoni, inapendeza. Ukisogea ukaangalia pale pembetatu zinapokutana, ncha zimeliwa. Moja imezama ndani ya mshono, nyingine imepishana na mwenzake, na katikati pana kifundo kigumu kama punje ya hindi.

Nimechukua umbo moja tu, lile tunaloliita pangaboi, kwa sababu ndilo linaloumbua watu zaidi. Ni vipande vinne vya mraba, kila kimoja kimegawanyika kwa mshazari: nusu bluu, nusu marekani. Ukiviunganisha vinne, mapanga manne ya bluu yanazunguka na ncha nane zinakutana katika nukta moja. Fundi akiiweza nukta hiyo, kona nyingine zote za viraka hazitamsumbua.

Neno langu kubwa leo ni hili: nukta ile haitengenezwi na mshono wa mwisho. Watu wengi hushona kila kitu haraka haraka, wakifika mshono wa mwisho ndipo wanapunguza mwendo, wanachoma pini kumi, wanatoa ulimi nje. Wamechelewa. Mshono wa mwisho hukuonyesha tu ulichokifanya huko nyuma.

Sasa tushone moja pamoja. Pangaboi letu likikamilika ndani ya shuka liwe na inchi 8 kila upande. Kwa hiyo kila kipande cha rangi mbili kitakuwa na inchi 4 kikishashonwa pande zote. Tunashona kwa akiba ya robo inchi, basi kabla ya kuunganishwa kipande hicho lazima kiwe inchi 4 na nusu, robo huku na robo kule.

Usikate pembetatu. Nasisitiza, kwa sababu ndivyo mafundi wengi tulivyozoea. Pembetatu ikishakatwa, upande wake mrefu uko kwenye mshazari wa nyuzi, na mshazari unavutika hata ukiushika kwa vidole viwili. Kata miraba ya inchi 5, miwili ya bluu na miwili ya marekani. Laza mraba wa bluu juu ya wa marekani, nyuso zikitazamana. Piga mstari wa penseli kutoka kona hadi kona, kisha shona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande ule. Ndipo ukate juu ya mstari. Utapata vipande viwili vya rangi mbili kwa mpigo mmoja, na ule mshazari unaovutika tayari umefungwa na mshono kabla hujaugusa kwa mkasi.

Ukifungua na kupiga pasi, kipande kitakuwa kikubwa kidogo kuliko inchi 4 na nusu, ziada kama moja ya nane ya inchi. Ziada hiyo ni ya makusudi. Hapa ndipo tunapopunguza ili kila kipande kiwe sawa na mwenzake. Tengeneza patani ya mraba wa inchi 4 na nusu kamili. Kadibodi inafaa kwa siku mbili tatu tu, kwa sababu kingo zake huliwa na penseli na patani inapungua bila wewe kujua. Mimi natumia filamu ya eksirei ya zamani. Ni ngumu, haiishi kingo, na ukiinua kwenye mwanga unaona ng'ambo. Ichore mstari kutoka kona hadi kona kwa ncha ya sindano. Unapoilaza juu ya kipande, mstari ule ukae juu ya mshono wa mshazari, sawasawa kuanzia kona hadi kona, kisha ndipo unachora kuzunguka na kukata.

Kwa nini mshono lazima uingie kwenye kona yenyewe? Kwa sababu mshono wa mshazari ukianzia kwenye kona kamili, basi ukishaingia ndani robo inchi kutoka ukingo mmoja utakuwa pia umeingia robo inchi kutoka ukingo wa pili. Mahali hapo, robo kwa robo, ndipo ncha itakapokuwa. Ukipunguza kipande kwa kukisia na mshono ukatokea pembeni ya kona kwa unene wa senti, ncha imeshahama. Pini haitairudisha.

Chaki nene nayo iacheni kwa kazi hii. Mstari wa chaki una upana wake, na hamkubaliani mtakata kushoto kwake au kulia. Penseli iliyochongwa, au kipande chembamba cha sabuni juu ya bluu, inatosha.

Sasa hiyo robo inchi. Nimewasikia mafundi wakisema, "Mimi robo yangu naijua kwa jicho." Sawa, kwa gauni jicho linatosha, mwili wa mtu unasamehe. Viraka havisamehe, kwa sababu kosa linajirudia. Chukua kitanda cha futi 5 kwa 6. Tukipanga mapangaboi 8 kwa mstari, kuna vipande 16 na mishono 15 kati yake. Ukizidisha mshono kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mshono unakula kiasi hicho kwa kipande cha kushoto na kiasi hicho kwa cha kulia. Mishono 15 itakuwa imekula karibu inchi 2. Mstari wa pili ukishonwa na binti yako, ambaye robo yake ni nyembamba, mistari hiyo miwili haiwezi kukutana hata mkiivuta kila mtu upande wake.

Kuna kipimo ambacho hakitaki maneno. Kata mikanda mitatu ya upana wa inchi 1 na nusu, urefu wowote. Ishone pamoja kwa ubavu, piga pasi, halafu pima ule wa katikati. Unatakiwa uwe inchi 1 kamili. Ukiwa pungufu, mshono wako ni mnene. Ukizidi, ni mwembamba. Wengi hugundua kuwa hata wakishona kwenye robo iliyopimwa kwa rula, mkanda unatoka pungufu kidogo. Sababu ni kwamba kitambaa kikikunjwa juu ya mshono kinakula unene wake. Kwa hiyo robo ya viraka ni robo pungufu kwa unyuzi mmoja au mbili, na kwa kitenge kizito pungufu zaidi kidogo. Ukishapata mahali pake, usitegemee kumbukumbu. Bandika tabaka tatu nne za plasta ya kidonda juu ya bamba la cherehani, kulia kwa sindano, ziwe ukuta. Kitambaa kinateleza kikigusa ukuta huo na huna haja ya kuangalia sindano.

Kabla sijaendelea, kitambaa chenyewe. Marekani ambayo haijafuliwa hunywea sana, na kitenge kina wanga wa kiwandani ambao ukitoka unabaki na kitu kingine kabisa mkononi. Fua vyote kabla ya kukata. Baada ya hapo vimelegea, ndiyo, kwa hiyo virudishie ugumu wenyewe. Sisi wa Kigoma muhogo hautupigi chenga: kijiko kimoja cha unga wake uliochekechwa vizuri, ukoroge kwa maji baridi, umimine kwenye maji yanayochemka, jumla iwe kama lita moja, uchuje kwa kitambaa. Chovya, anika, piga pasi kikiwa bado na unyevu. Kitambaa chenye wanga hakivutiki kirahisi na penseli inapita juu yake bila kukikunja. Shuka ikiisha utaifua wanga utoke, maana mende wanaupenda.

Turudi kwenye pangaboi. Vipande vinne mkononi, vyote inchi 4 na nusu. Kila kimoja laza akiba ya mshono upande wa bluu. Vyote vinne, bila kubahatisha. Na pasi ibonyezeni, msiisukume. Kuisukuma juu ya mshazari ni kuuvuta. Wenye pasi ya mkaa, tandikeni kitambaa juu, cheche moja itawaharibia marekani.

Unapounganisha vipande viwili vya juu, utaona bluu ya kimoja inakutana na marekani ya kingine. Hapo kuna zawadi kwa aliyelaza akiba zote upande wa bluu. Kwenye kipande kimoja akiba imelalia kwenye ukingo unaoshonwa, kwenye kingine imelalia mbali nao. Ukizikutanisha nyuso, tuta la huku linaingia nyuma ya tuta la kule. Zisugue kidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Utasikia zinakamatana, kisha hazisogei tena. Ukisikia kibonde, bado hazijafika. Ukisikia uvimbe, zimepandana. Vidole vinajua kabla ya macho.

Shona, kisha ulaze mshono huo nao upande wa bluu. Fanya hivyo hivyo kwa vipande viwili vya chini. Sasa una nusu mbili za pangaboi. Simamisha cherehani hapa.

Geuza kila nusu uangalie nyuma, mahali mishono ya mshazari miwili inapokutana na mshono wa wima. Pima kwa rula kutoka kwenye ukingo utakaoshonwa hadi kwenye makutano hayo. Lazima iwe robo inchi. Ikiwa pungufu ya robo, mshono wa mwisho utapita ndani ya makutano na kuzikata ncha. Ikizidi robo, mshono utapita nje, na ncha zitaelea mbali na mstari, katikati pabaki na kidirisha. Pima nusu ya juu, pima ya chini. Zote mbili zikisema robo, mshono wa mwisho ni mwepesi kuliko yote. Moja ikikataa, fumua mshono wa wima wa nusu hiyo, angalia ni kipande gani kati ya viwili mshazari wake hautoki konani, ukipunguze upya kwa patani au ukibadilishe. Ni kazi ya dakika chache. Anayeruka kipimo hiki atafumua baadaye, na kufumua mishono iliyopishana kwa wembe mnajua wenyewe kunavyochana nyuzi za marekani.

Haya, sasa tuziunganishe nusu mbili. Chukua pini nyembamba. Ichome kutoka nyuma ya nusu ya juu, ipite kwenye nukta ya makutano yenyewe, itokeze usoni pale ncha zilipo. Kisha iingie kwenye nukta ya nusu ya pili kutoka usoni kwake, itokeze nyuma. Vuta hadi nyuso zigusane. Pini hii isimame wima, usiilaze kama tulivyozoea, kwa sababu ukiilaza inasukuma kitambaa kimoja pembeni. Iache imesimama, choma pini nyingine mbili za kawaida, moja kila upande, karibu nayo. Ndipo utoe ile iliyosimama. Kazi yake ilikuwa kuonyesha njia.

Akiba ya mshono wa wima ya nusu iliyo juu ielekee wapi unapoingiza chini ya mguu wa cherehani? Hili huwa haliulizwi. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, na mguu hukizuia cha juu, kwa hiyo cha juu hubaki nyuma kidogo. Inayofaa ni akiba ya mshono wa wima wa nusu ya juu ielekee kwenye sindano. Mguu ukiirudisha nyuma, tuta lake litakuwa linasukumwa kwenye tuta la chini na kukamatana zaidi. Ikielekea kinyume, mguu unazitenganisha, na hilo ndilo jibu kwa wale wanaosema "nilichoma pini vizuri lakini zikahama."

Tena kuna faida nyingine: makutano yakiwa juu unayaona. Mishono ya mshazari na wa wima inachora alama ya mkasi uliofunguka. Lenga pale inapokatana, lakini usipite juu yake kabisa. Pita unyuzi mmoja upande wa ukingo wa kitambaa. Unene wa mkunjo utaila nafasi hiyo ukifungua, na ncha itabaki nzima.

Lakini usikimbilie kushona moja kwa moja. Piga bandi kwanza, kwa mshono mrefu kabisa wa cherehani yako, inchi moja tu, katikati ya makutano. Zungusha gurudumu kwa mkono. Toa, fungua, angalia usoni. Zimekutana? Rudisha mshono mfupi, milimita 2 hivi, ushone kutoka mwanzo hadi mwisho juu ya bandi. Hazijakutana? Unavuta uzi mmoja, bandi yote inatoka, kitambaa hakijaumia. Kwangu mimi bandi hii ina thamani kuliko pini zote za dukani.

Zikipishana kwa unyuzi mmoja au miwili, kitambaa chenye wanga kidogo kitakubali kuvutwa kikutane. Zikipishana zaidi ya moja ya kumi na sita ya inchi, usivute. Ukilazimisha, ncha zitakutana lakini pangaboi zima litatuna, na shuka ikifuliwa linarudi lilikotoka.

Kimebaki kile kifundo. Akiba zote zimejazana nukta moja, na wengine huziponda kwa jiwe la kinu. Kuna njia ya upole. Nyuma ya pangaboi, kwenye akiba ya mshono wa wima, kuna mishono miwili mitatu iliyo nje ya mshono wa mwisho, yaani kati yake na ukingo. Ifumue hiyo tu, pande zote mbili, usiuguse mshono wa mwisho. Sasa akiba ya mshono wa mwisho inaweza kulala nusu yake juu na nusu yake chini, na zote zizunguke upande mmoja. Katikati patafunguka pangaboi dogo la ukubwa wa kitufe, lililolala bapa. Bonyeza kwa pasi. Inafanya kazi kwa sababu tangu mwanzo akiba zote zililala upande wa bluu. Aliyezilaza ovyo atakuta moja inapinga mzunguko, na hapo hakuna ujanja isipokuwa kurudi nyuma.

Pima pangaboi. Liwe inchi 8 na nusu. Likiwa limezidi kidogo upande mmoja, mkasi utakuwasha mkono. Uuwekeni chini. Mishazari ya pangaboi inatoka katikati hadi kwenye kona nne za nje, na ukipunguza nje unaihamisha kutoka konani. Mapangaboi manne yakiunganishwa, pale kona zao zinapokutana panatokea pangaboi jingine, linalozunguka kinyume, nalo lina ncha nane vilevile. Kwa hiyo kila nilichokisema kuhusu katikati kinarudi kwenye kila kona ya shuka, na pale hamna tena ziada ya kupunguza. Pangaboi lililozidi litafutieni mshono mwembamba ndani mliurekebishe.

Dada pale nyuma ameuliza kama ni lazima yote haya kwa shuka ya kulalia mtoto, ambayo itakojolewa. Si lazima, dada. Kwa kitenge chenye maua mengi, ncha ikikosea kwa nusu milimita hakuna atakayeiona, maua yanaficha. Bluu tupu na marekani tupu ndizo zinazosema kila kitu. Na ukitaka kupunguza kazi kwa nusu, weka mkanda wa inchi 2 kati ya pangaboi na pangaboi. Kona za nje hazitakutana tena nane kwa pamoja. Kila moja itatakiwa kufika tu kwenye kona ya mkanda, na hiyo unaiwahi kwa pini moja. Utabaki na nukta ya katikati peke yake ya kuhangaikia, na mkanda wenyewe kata kwa kufuata urefu wa kitenge, sambamba na ule ukingo wenye maandishi, kwa sababu upande huo hauvutiki sana.

Mwenye cherehani yake hapa aisogeze tubandike hiyo plasta.